Nywila Iliyobaki kwenye Vidole vya Mzee

Mama wa maabara aliingia ofisini kwangu Alhamisi asubuhi, mkono mmoja bado una glavu, akasimama kando ya mlango kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba.

"Binti, fundi anaondoka kesho saa sita mchana. Mashine yangu bado haisemi na mtu."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kupima damu, mpya, imekaa mezani kwake siku ya tatu. Fundi wa kampuni iliyoiuza alikuja nayo kutoka Mbeya. Kazi yake ilikuwa kuifunga, kuiunganisha na mfumo wa hospitali, kisha mama asaini karatasi ya kupokea. Bila kuunganishwa, majibu yangeendelea kunakiliwa kwa kalamu, kutoka kwenye kioo cha mashine kwenda kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi kwenda kwa daktari. Miezi michache kabla, jibu la mama mmoja mjamzito lilinakiliwa kwenye karatasi ya mwingine. Daktari aligundua kabla halijaleta madhara, lakini mama wa maabara aliitwa, akaandika maelezo, na tangu siku ile alikuwa anarudia kila jibu mara tatu mpaka foleni ya wagonjwa ikafika kwenye ngazi. Mashine hiyo aliiomba yeye, kwa barua, na alikuwa ameisubiri kwa muda mrefu. Fundi akiondoka kabla haijaunganishwa, hakuna aliyejua angerudi lini.

Mimi nilikuwa ninajitolea pale, mwezi wa tano baada ya kuhitimu. Kitengo cha TEHAMA cha hospitali ile kilikuwa mimi, meza mbili, na kabati la chuma kwenye korido lenye swichi kubwa ya mtandao ndani yake. Kila kompyuta ya jengo ilipita kwenye swichi ile. Mashine ya mama ilikuwa imechomekwa kwenye tundu namba kumi na tisa, na tundu hilo halikuwaka taa, kwa sababu aliyekuwa mwenye kitengo kabla yangu alikuwa na desturi ya kuyafunga matundu yote yasiyotumika. Kulifungua ni kazi ya dakika mbili, kwa mtu mwenye nywila ya msimamizi.

Sikuwa nayo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwa miezi mitatu sikumweleza mtu. Mzee niliyemkuta pale alistaafu miezi miwili baada ya mimi kufika. Kwa miezi hiyo miwili tulikaa meza mbili zinazotazamana. Alinifundisha kukata kebo, kupima kebo, kuandika lebo kwa mkono unaosomeka. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwomba nywila, na kila asubuhi nilifikiria namna itakavyosikika. Binti wa juzi, hata ajira hana, anamwambia mzee wa umri wa baba yake: nipe. Ni kama kuingia nyumba ya mtu ambaye bado yuko hai na kuuliza funguo za stoo ziko wapi. Nilitunga sentensi nyingi kichwani. "Mzee, kama hutajali." "Mzee, siku ukipata nafasi." Zote niliziona zina haraka ndani yake. Siku ya kumuaga tulikunywa soda, akasomewa risala, tukasaini hati ya makabidhiano: kabati moja, meza mbili, koleo la kebo moja, stepla moja mbovu. Nywila haikuwa na namba ya mali, kwa hiyo haikuwemo. Akapanda gari kwenda Kate, kwenye mashamba yake, na mimi nikabaki naliombea kabati lile lisihitaji kuguswa.

Fundi wa mashine alikuwa kijana, labda amenizidi miaka mitatu. Nilipofika maabara alikuwa ameegemea dirisha, amevaa majaketi mawili.

"Mambo vipi, mtaalamu? Huku kwenu baridi hii mnaikodi wapi?"

"Poa. Lile tundu siwezi kulifungua leo."

"Basi tia kaswichi kadogo pale kwenye kompyuta ya mapokezi ya maabara. Waya mmoja ugawanye, mimi nisainiwe, niende zangu."

Nilikuwa nimeshaliwaza hilo usiku wa kuamkia siku ile, nikaliwaza tena njiani kutoka Izia, ninakoishi. Mzee aliweka ulinzi kwenye kila tundu: kifaa kimoja tu. Swichi ikiona kifaa cha pili kwenye tundu hilo, inalifunga papo hapo, na kulifungua tena kunahitaji nywila ileile. Tungepoteza na mapokezi ya maabara. Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza akaniona mimi kama mtu anayejua anachosema, jambo lililonitisha zaidi.

"Kwa hiyo paswedi nani anayo?"

"Mzee aliyestaafu."

"Mpigie."

Sentensi ndogo kama hiyo. Niliizunguka miezi mitatu.

Kabla ya kupiga nilitaka niwe na pa kuijaribu. Kwenye droo ya mzee kulikuwa na waya bapa wa bluu, umeviringishwa pamoja na pakiti ya mbegu za nyanya. Ule ndio waya wa konsoli. Swichi ina tundu moja lisilo la mtandao, la mtu aliyekaa mbele yake na kompyuta, kuzungumza nayo ana kwa ana. Hata mtandao wote ukifa, tundu hilo bado linajibu. Shida ni kwamba ncha ya pili ya waya ule ni pana, ya pini tisa, na laptopu za siku hizi hazina mahali pa kuipokea. Kinahitajika kiunganishi cha kuigeuza iwe USB. Nilikuwa nimeuliza maduka mawili mjini, nikaonyeshwa chaja.

Aliyekuwa nacho ni fundi. Mashine za maabara nyingi bado zinazungumza kwa waya wa namna hiyo.

"Nakuazima," alisema, akikitoa kwenye begi. "Ila kesho saa sita kinapanda gari na mimi. Swichi yako inazungumza kwa kasi ngapi?"

"Elfu tisa na mia sita."

"Kama mashine zangu za zamani. Ndugu hawa."

Nikachomeka, nikafungua dirisha jeusi kwenye laptopu, nikabonyeza Enter. Swichi ikauliza nywila. Angalau ilikuwa hai na inanisikia. Nikatoka uani, jua likiwa halijapata nguvu, nikapiga simu Kate.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba mwanangu! Kabati limeshika moto?"

"Hapana mzee. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Tunapukuchua mahindi. Sema, maana wewe hupigi bure."

Nikasema. Nilisema haraka, bila sentensi hata moja kati ya zile nilizozitunga. Akacheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Unajua mimi siijui?"

"Mzee?"

"Siijui, mwanangu. Ilikuwa inajuliwa na vidole. Miaka yote ile nakaa, vidole vinaandika, mimi nawaza mengine. Subiri niweke simu chini."

Nikasikia sauti ya vidole vikigonga ubao. Akagonga, akanyamaza, akagonga tena. Mwanamke akauliza kwa Kifipa kitu ambacho nilikielewa nusu, kama yuko mzima au vipi.

"Kidole kidogo kinaanza kushoto," alisema aliporudi. "Halafu kuna namba mbili. Jaribu hivi." Akanitajia. Nikarudi ndani, nikajaribu, ikakataa. Nikatoka. Akanipa nyingine, na nyingine. Zote zilikataliwa.

"Basi imebaki kwenye meza ile ya ofisini," alisema. Halafu sauti yake ikabadilika kidogo. "Kwa nini hukuniuliza wakati nipo?"

Niliangalia ukuta. "Niliogopa utaona nakufukuza."

"Hee. Na mimi nilikuwa nakungoja uombe. Nikasema binti huyu hajaomba, labda hanioni kama nina kitu cha kumpa. Kumsukumia mtu usichoombwa nako ni kumwambia hajui kazi." Akavuta pumzi. "Haya. Sasa utazima?"

"Ndiyo mzee. Kesho asubuhi. Njia ya kitufe, ya kuingia bila nywila."

"Ngoja kwanza. Kuna jambo."

Ndipo aliponiambia. Alikuwa na mazoea yake: akibadilisha kitu kwenye swichi, hakihifadhi siku hiyohiyo. Anakiacha kifanye kazi wiki nzima, akione kimetulia, ndipo anahifadhi. Ikiharibika, anazima na kuwasha, swichi inarudi kwenye mipangilio ya zamani, hakuna anayejua. Ni mazoea mazuri kwa mtu atakayekuwepo wiki ijayo. Wiki yake ya mwisho, duka la dawa lilifungua dirisha la pili, na kuna watu waliohamishwa vyumba.

"Kwa hiyo hayo hayakuhifadhiwa."

"Hayakuhifadhiwa."

"Ni matundu mangapi, mzee?"

"Mwanangu, wiki ile nilikuwa nawaza mbolea."

Swichi ile haikuwa imezimika tangu aondoke, kwa sababu kabati lilikuwa na betri kubwa, na umeme ukikatika haikutikisika. Mabadiliko yote aliyoyafanya mwishoni yalikuwa yanaishi kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukitoka. Na njia pekee ya kuingia bila nywila inaanza kwa kuchomoa umeme.

"Na je," niliuliza, "ile njia ya kitufe uliifunga?" Maana inawezekana kuifunga. Msimamizi akiifunga, ukishika kitufe swichi inakwambia: ninaweza kukuruhusu, ila kwanza nifute kila kitu. Matundu yote ishirini na manne yangerudi kuwa mapya kama siku ilipotoka dukani.

"Hiyo sikumbuki," alisema mzee. "Mungu yupo."

Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma. Mimi ni mtu ambaye nikifunga mlango narudi kuusukuma. Mama yangu anasema ningeweza kuchoka kwa kuketi tu. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza, hofu yangu ilikuwa na orodha, na orodha unaweza kuifanyia kazi. Kama sikuweza kuiuliza swichi inajua nini, ningewauliza waliounganishwa nayo.

Ndani ya swichi moja, mzee alikuwa ameitenga mitandao midogo: ofisi, maabara, dawa, wodi. Kompyuta iliyo kwenye mtandao wa dawa ilikuwa na anwani ya mtandao yenye namba thelathini katikati. Maabara ishirini, ofisi kumi, wodi arobaini. Nikachukua daftari, nikachora matundu ishirini na manne, nikaanza kutembea. Nilifuata lebo za kebo kutoka kabatini hadi kwenye kila meza, nikaomba kila mtu aniache dakika moja, nikasoma anwani, nikaandika.

"Unatuhesabu?" aliuliza dada wa dirisha la pili la dawa.

"Nasoma namba tu, dada."

"Isije ikawa wanapunguza watu. Maana nyie wa kompyuta mkianza kuandika, kesho barua."

Namba kumi na saba: dawa, thelathini. Nikaizungushia duara.

Ilinichukua mpaka saa kumi jioni, na mama wa maabara alinikuta mara mbili koridoni, mara zote akitazama saa badala ya kunitazama mimi. Mara ya pili alisema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, "Kazi ni dakika mbili, uliniambia." Kama ningefungua kabati na kuchomoa umeme saa tano, pengine angekuwa ameshasaini. Pengine pia dirisha la dawa lingekuwa limekufa na foleni imefika getini. Sikujua, na kutokujua ndiko kulikokuwa kunanipeleka mlango hadi mlango.

Tundu moja lilinishinda, namba ishirini na mbili. Taa yake iliwaka, kebo yake haikuwa na lebo, ilipanda juu ya dari na kupotea upande wa wodi ya wazazi. Nilikwenda. Mlangoni nikamkuta muuguzi, nikamuuliza kama kuna kompyuta ndani. Akasema hakuna. Kulikuwa na mwanamke analia kwa uchungu nyuma ya pazia, sikuona ni mahali pa mimi kuingia na daftari. Nikashukuru, nikaandika alama ya kuuliza.

Katibu wa hospitali ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Nilimweleza jambo lote: kwamba asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili, mtandao wa jengo utazimika kwa nusu saa, mapokezi ya dharura yatumie daftari, kwamba kuna uwezekano mdogo wa kupoteza mipangilio yote, kwamba nina karatasi. Alisikiliza akiwa anafunga droo.

"Wewe unaweza?"

Nilitaka kusema inategemea. "Ninaweza," nikasema.

"Ufunguo wa kabati unao?"

Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa korido, pale ulipokuwa siku zote. Nilipokuwa nikiuchukua, nikafikiri kwamba nywila tuliyoihangaikia siku nzima ilikuwa inalindwa na msumari. Yeyote mwenye ufunguo ule, waya na dakika kumi angeweza kufanya nilichokuwa nakwenda kufanya.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na ukungu na upepo ule wa Ufipa unaopita kwenye sweta kana kwamba sweta halipo. Fundi alikuja bila kuitwa, mikono mfukoni. Mama wa maabara alikuwa ameshafika, taa ya chumba chake imewaka.

"Nimekuja kulinda kiunganishi changu," alisema fundi.

Nikachomeka waya wa bluu, nikafungua dirisha jeusi, nikahakikisha swichi inajibu. Nikachomoa umeme wa swichi. Feni ikanyamaza, na taa zote zikazimika kwa pamoja. Sikuwahi kuliona kabati lile likiwa giza.

"Shika hapa," nilimwambia fundi, nikimpa waya wa umeme. "Nikisema, chomeka."

Kitufe kiko upande wa kushoto, kwenye uso wa swichi. Nikakibonyeza, nikakishikilia. "Sasa." Akachomeka. Taa ya mfumo ikaanza kumetameta kijani. Usiachie. Nilikuwa nimesoma jambo hili mara nyingi mpaka ningeweza kulisimulia usingizini. Ikageuka njano kidogo, kisha ikatulia kijani. Nikaachia.

Maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo. Nilikuwa nasubiri swali moja tu, lile la kuniomba ruhusa ya kufuta kila kitu.

Halikuja. Yakaja maneno kwamba mfumo umekatishwa kabla ya kuamka, halafu neno moja na nukta mbili, likingoja amri. Mzee hakuwa ameifunga njia.

"Umeingia?" fundi aliuliza.

"Niko barazani. Bado sijaingia."

Kinachofuata nimekifikiria sana tangu siku ile. Swichi ikiamka, inatafuta faili moja lenye jina maalumu. Ndani ya faili hilo kuna mipangilio yote, na nywila imo humohumo. Isipoliona, inajidhania ni mpya, na mpya haimuulizi mtu nywila. Kwa hiyo huvunji chochote. Unaiamsha kumbukumbu yake ya kudumu, faili unalibadilisha jina, basi. Kuna maelekezo mtandaoni yanayosema ulifute. Niliyasoma nikayaogopa. Nikaandika amri ya kubadilisha jina, nikaisoma herufi kwa herufi, nikabonyeza. Nikaorodhesha mafaili kuhakikisha lipo, na jina lake jipya. Kisha nikaiamuru iamke.

Dakika kadhaa zikapita. Swichi ikauliza kama nataka kuanza mipangilio ya awali. Hapana. Nikaandika neno la kupanda ngazi ya msimamizi, ile ngazi iliyonikatalia jana mara zote, na safari hii ikanipandisha bila kuuliza kitu.

Fundi akapiga mluzi. Mimi nilikuwa nimeshalirudishia faili jina lake la zamani na kuipakia mipangilio ndani ya kumbukumbu inayofanya kazi. Huo ndio ujanja wenyewe: nywila ya mzee ilikuwa imerudi mahali pake, ngumu kama zamani, ila mimi nilikuwa tayari nimekaa ndani. Nikaweka nywila mpya ya msimamizi, na ya tundu la konsoli. Mlango wa kuisimamia swichi kwa mbali ulikuwa umebaki umefungwa, nikaufungua.

Halafu nikafungua daftari.

Tundu kwa tundu. Kilichohifadhiwa upande mmoja, nilichokiona jana upande mwingine. Moja mpaka kumi na sita, sawa. Kumi na saba: swichi ilisema ofisi, daftari lilisema dawa. Nikarekebisha. Ishirini: swichi ilisema ofisi, daftari lilisema wodi. Nikarekebisha. Ishirini na mbili: swichi ilisema limefungwa. Jana lilikuwa linawaka. Daftari lilisema alama ya kuuliza.

"Fungua tu," alisema fundi.

"Nilifungue liende wapi? Sijui ni la nani."

"Aliyenyimwa atalia."

Sikuupenda ushauri huo. Nililiacha limefungwa, nikafungua namba kumi na tisa, nikaiweka kwenye mtandao wa maabara, na taa yake ikawaka kwa mara ya kwanza tangu mashine ile iletwe. Nikahifadhi.

Fundi alikimbia maabara. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa nilipoona miguu ya muuguzi wa zamu mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyezima? Kompyuta ya wazazi haifunguki. Nina watoto watatu wa usiku nataka kuwaandikisha."

"Jana nimeambiwa hakuna kompyuta kule."

"Nani kasema? Iko nyuma ya kabati la mashuka. Huyo wa jana ameazimwa kutoka wodi ya watoto, hajui hata chai tunachemshia wapi." Akanitazama. "Hukuingia kuangalia?"

"Sikuingia, dada."

"Kwa kuogopa nini?"

Nikamwomba anisubiri dakika moja. Wodi, arobaini. Nikalifungua, taa ikawaka, nikahifadhi tena. Alikwenda, akapiga ukelele kutoka mbali kwamba imefunguka. Watoto watatu walikuwa wamesubiri kuandikwa kwa sababu nilisimama mlangoni na kuuliza, badala ya kuingia na kutazama. Nililiandika hilo kwenye daftari, pembeni ya ile alama, ili nisije nikajisimulia baadaye kwamba kila kitu kilikwenda sawa.

Saa mbili nilimpelekea katibu bahasha mbili zilizofungwa, kila moja na nywila mpya ndani, moja ya sefu yake, nyingine ya mganga mkuu. Nilimwomba pia ufunguo wa kabati uondoke kwenye msumari. Aliuliza kwa nini bahasha mbili. Nilimwambia kwamba jana nilikuwa namlaumu mzee kwa kusahau, lakini mtu yeyote anaweza kusahau. Kosa letu sisi wawili lilikuwa kukiacha kitu hicho kiwe cha mtu mmoja, yeye akisubiri kuombwa, mimi nikisubiri kupewa. Katibu alisema "sawa" kwa sauti ya mtu anayesubiri kikao kingine. Nilimwelewa.

Maabara, fundi alikuwa amemaliza upande wake. Sampuli ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa anasubiri kwenye benchi, mtoto mgongoni. Mama aliiweka mashineni mwenyewe. Namba zikajitokeza kwenye kioo. Fundi akamsogezea karatasi ya kupokea na kalamu.

"Bado," alisema mama. Akanigeukia. "Nenda chumba cha daktari. Usiniambie imefika. Nisomee."

Nikavuka ua. Daktari alikuwa hajaja, msaidizi wake akanifungulia. Jina lilikuwepo kwenye kioo, na namba ya mgonjwa, na majibu chini yake. Nikapiga simu.

"Jina?"

Nikasoma majina yote matatu.

"Namba yake?"

Nikasoma.

"Wingi wa damu?"

"Kumi na moja nukta mbili."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Alikuwa amenakili kwa kalamu kama kawaida yake, kusudi alinganishe.

"Rudia."

"Kumi na moja nukta mbili, mama."

"Chembe nyeupe?"

Nikasoma. Nikasoma na zilizofuata, moja baada ya nyingine, na kila moja aliniambia nirudie. Sikuharakisha. Nilikuwa mtu wa mwisho katika hospitali ile mwenye haki ya kumshangaa mtu kwa kuhakikisha mara mbili. Tulipofika mwisho wa orodha, nilisikia akimwambia mtu pembeni, "Lete hiyo kalamu," na fundi akisema, "Asante mama, na kile kiunganishi changu jamani, gari linaondoka."